Ngozi Yenye Joto Inayoenea: Chora Mstari, Angalia Saa, Nenda Kituoni

Hotuba iliyotolewa na afisa wa kliniki katika baraza la afya la wadi

Leo nimeombwa nizungumzie ugonjwa mmoja tu wa ngozi. Kwa jina la kitaalamu unaitwa selulaitisi. Ni maambukizi ya bakteria yanayoingia ndani ya ngozi na kwenye mafuta yaliyo chini yake. Mara nyingi hushika mguu, chini ya goti.

Bakteria hawa hawatoki mbali. Wengine huishi juu ya ngozi zetu kila siku bila kutudhuru. Shida huanza wanapopata mlango. Mlango wenyewe waweza kuwa mdogo sana: mwiba ulioingia shambani, funza aliyetolewa kwa pini, magaga yaliyopasuka kisiginoni, kuumwa na mdudu kisha ukajikuna, au fangasi kati ya vidole vya miguu. Huo wa mwisho ndio watu wengi husahau, hasa wanaovaa gambuti siku nzima.

Mtauliza, mbona jipu hukaa mahali pamoja na hili linatembea? Jipu mwili huwa umelizungushia ukuta, na usaha unabaki ndani. Katika selulaitisi hakuna ukuta. Baadhi ya bakteria hawa hutoa kemikali zinazoyeyusha ile gundi inayoshikanisha nyama, nao wanapenya kati yake kama maji kwenye mchanga. Ndiyo maana jipu lahitaji kupasuliwa na mhudumu wa afya, lakini selulaitisi yahitaji antibiotiki, na yahitaji mapema.

Sasa, utaijuaje? Ngozi huwa na joto, imevimba, inauma ukiigusa, na eneo hilo linazidi kupanuka. Vitabu husema ngozi huwa nyekundu. Lakini sisi wenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane vizuri. Huenda ukaona rangi ya zambarau, au weusi uliozidi, au ngozi inayong'aa kwa kuvutika. Kwa hivyo usitegemee macho peke yake. Weka mgongo wa mkono wako kwenye mguu unaouma, kisha kwenye ule mwingine mahali palepale. Ukihisi tofauti ya joto, hiyo ni dalili. Angalia pia kinenani. Mtoki huweza kutokea upande wa mguu huo.

Kuna mambo mawili yanayosaidia kuitofautisha. Selulaitisi kwa kawaida hushika mguu mmoja. Miguu yote miwili ikivimba kwa pamoja, huenda shida ni ya moyo, figo au mishipa, na hiyo hupimwa kwa njia nyingine. Pili, mzio wa mdudu huwasha zaidi ya kuuma. Lakini shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, hata bila kidonda, njoo upimwe siku hiyohiyo, kwa sababu damu iliyoganda kwenye mshipa hufanana sana na ugonjwa huu.

Tuchukue mfano. Tuseme ni mama mkulima wa miaka 54, mwenye kisukari. Jumatatu usiku anatetemeka kwa baridi na anadhani ni malaria. Jumanne asubuhi anaona mguu wa kulia juu ya kifundo umevimba na una joto. Binti yake anachukua kalamu ya wino, anachora mstari kufuata ukingo wa uvimbe, na kuandika kando yake saa mbili asubuhi. Saa nane mchana joto na uvimbe vimevuka mstari kwa upana wa vidole vitatu.

Hapo hakuna cha kungoja. Vidole vitatu kwa saa sita ni mwendo wa kasi, ana kisukari, na usiku alikuwa na homa. Anafikishwa kituo cha afya. Joto la mwili ni 38.6, na moyo unapiga mara 108 kwa dakika. Sukari inapimwa, na vidole vya mguu vinafunuliwa: kuna fangasi kati ya kidole cha nne na cha tano. Mgonjwa kama huyu hapewi vidonge akarudi nyumbani. Anapewa rufaa kwenda hospitali akatiwe antibiotiki kupitia mshipa, kwa sababu dawa ya mshipani hufika kwenye damu mara moja.

Mwingine ambaye hana homa, hana kisukari, na eneo lake ni dogo, anaweza kutibiwa kwa vidonge. Dawa inayotumika sana ni fluklosasilini, kwa mtu mzima miligramu 500 mara nne kwa siku, tumbo likiwa tupu, kwa siku tano hadi saba. Hiyo huandikwa na mhudumu baada ya kukupima. Mwambie kama penisilini iliwahi kukuletea vipele au shida ya kupumua. Wengi huenda duka la dawa wakanunua amoksisilini chache za rangi mbili. Aina moja ya bakteria wanaoleta ugonjwa huu huiharibu dawa hiyo, kwa hivyo unaweza kumeza huku mguu ukizidi.

Ukishaanza dawa, pumzika na uinue mguu juu ya mito, upite usawa wa nyonga. Usiukande kwa maji moto, usiuchanje kwa wembe, usiupake mafuta ya taa. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Ule mstari wa kalamu usiufute. Siku ya kwanza wekundu unaweza kuvuka kidogo hata kama dawa inafanya kazi, lakini homa na maumivu vinapaswa kuanza kupungua. Ikipita siku mbili na bado unaenea, au homa haijashuka, rudi kituoni. Mguu ukipona, maliza dozi, kisha tibu ule mlango. Fangasi isipotibiwa, ugonjwa hurudi palepale, na kila unaporudi huharibu mifereji ya maji ya mwili, mpaka mguu unabaki umevimba.

Nimalizie na dalili za kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Maumivu makali mno kuliko kile unachokiona kwenye ngozi. Malengelenge yenye damu, ngozi inayogeuka kijivu au nyeusi, au mahali palipokuwa pakiuma pakafa ganzi. Hizo zaweza kuwa dalili za nyama kuoza chini ya ngozi, na hapo antibiotiki peke yake haitoshi; kunahitajika upasuaji wa haraka. Nyingine ni mgonjwa kuchanganyikiwa, kupumua haraka, au kukosa mkojo, maana huenda maambukizi yameingia kwenye damu. Na uvimbe wenye joto karibu na jicho, hasa kwa mtoto, usilale nao nyumbani, kwa sababu unaweza kuingia nyuma ya jicho na kufika kwenye ubongo.

Kalamu ya wino mnayo nyumbani. Ukiona ngozi yenye joto na uvimbe, chora mstari, andika saa, kisha anza safari ya kituoni. Mstari ukivukwa ukiwa njiani, mwonyeshe mhudumu wa kwanza utakayemkuta. Ataelewa bila maelezo mengi.

Sasa nakaribisha maswali.