Sauti ya Mtoto Kwenye Katuni: Fomu Itangulie Kinasa Sauti

(Maelezo yaliyotolewa kwa wazazi, walezi na walimu kabla ya kuanza mradi wa katuni shuleni)



Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za mtoto hazitumiwi bila idhini ya mzazi au mlezi, na sauti inayomtambulisha mtoto ni mojawapo ya taarifa hizo. Mwaka 2023, shule moja jijini Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 na Kamishna wa Data kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Shida huanza pale fomu inapouliza swali moja tu: "Unakubali mtoto arekodiwe?" Mzazi hutia sahihi akidhani katuni itaonyeshwa siku ya wazazi, kumbe itawekwa mtandaoni. Fomu nzuri hutenganisha maswali: arekodiwe? Katuni ionyeshwe shuleni? Iwekwe mtandaoni? Jina lake liandikwe mwishoni? Kila swali lina ndiyo na hapana yake. Bibi anayemlea mtoto asomewe fomu kwa lugha anayoielewa kabla ya kuweka kidole gumba.

Chukulia Gredi ya 5 inatengeneza katuni ya dakika mbili kuhusu sungura na fisi, na watoto wanane wanatoa sauti. Mama wa mtoto anayeigiza fisi anakubali maonyesho ya shuleni lakini anakataa mtandao. Fisi yumo karibu kila sehemu, kwa hiyo ama katuni nzima ibaki shuleni, au mtoto mwingine arekodi upya maneno yote ya fisi. Kama fomu zingerudi kabla ya kugawa nafasi, mtoto huyo angepewa mlinzi wa shamba mwenye sentensi mbili, ambazo ni rahisi kubadilisha. (Naye angefurahi vilevile, watoto hupenda kupiga kelele za mlinzi.)

Mzazi anaweza kuondoa idhini wakati wowote. Ndiyo maana kila mtoto arekodiwe peke yake, katika faili yake, lenye jina la mhusika badala ya jina la mtoto: `fisi_02.wav`, kwa mfano. Wanane wakiimba pamoja mbele ya simu moja, sauti ya mmoja haitolewi tena. Itabidi wimbo urekodiwe upya. Mwalimu asikilize pia rekodi hadi mwisho, kwani mara nyingi mtoto aliye nyuma huitwa kwa jina lake kamili, na yeye hana fomu.

Mtoto mwenyewe naye aulizwe. Akinyamaza au kulia mbele ya kinasa sauti, sahihi ya mzazi haimlazimishi kuendelea.

Fomu zihifadhiwe na mwalimu mkuu, kwa sababu kukitokea malalamiko, ni shule inayotakiwa kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa. Rekodi zilizo kwenye simu za walimu zifutwe katuni ikikamilika.