Ombi la Kusogezewa Tarehe ya Kliniki kwa Mgonjwa wa Moyo Aliyezidiwa: Nani Alipokee, Nani Alijibu



Waandaaji walinipa mada pana ya miadi na ubora wa huduma katika kliniki za rufaa. Naomba ruhusa ya kuipunguza. Miadi ni tarehe ya mgonjwa kurudi kumwona daktari. Ngazi za rufaa kila mmoja hapa anazijua, kuanzia zahanati na kituo cha afya, kupanda hospitali ya wilaya, ya mkoa na kuendelea. Moyo kushindwa kazi ni pale unaposhindwa kusukuma damu kiasi mwili unachohitaji, maji yakaanza kujaa mapafuni, miguuni na tumboni. Maana hizo zinatosha kwa leo.

Muda uliobaki nauomba kwa jambo moja: mgonjwa wa moyo ambaye tarehe yake iko mwezi ujao au mwezi wa tatu kutoka sasa, hali yake imebadilika, naye anaomba aonwe mapema. Nitakayosema ni maoni yangu ya kikazi, si msimamo wa mwajiri wangu. Tena sitaki ieleweke kwamba nawalaumu makarani, maana wao hufuata utaratibu tuliowaachia sisi.

Ombi lisilo na mwenyewe

Mgonjwa akipiga simu, au akimtuma mtoto wake dirishani, anayempokea ni mtu mwenye daftari la tarehe au kompyuta yenye orodha iliyojaa. Mtu huyo hana mamlaka ya kuongeza jina, wala hakufundishwa kuuliza maswali ya ugonjwa. Amebakiwa na majibu mawili tu: "Kumejaa, subirini tarehe yenu," au "Kama amezidiwa sana, mpelekeni idara ya dharura." La kwanza huwarudisha nyumbani watu waliostahili kuonwa wiki hiyohiyo. La pili linaonekana salama, na ndiyo maana tunalipenda, lakini tazameni matokeo yake. Mgonjwa anafika dharura, anachomwa sindano ya kutoa maji, anakojoa, anapata nafuu, anarudi nyumbani usiku. Kliniki haina habari. Dawa zake ni zilezile, kosa lililomjaza maji halijaulizwa, na baada ya wiki mbili anarudi palepale.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba ombi lililokataliwa haliandikwi popote. Aliyeonwa tunaye kwenye rejista, aliyenyimwa hatunaye. Akizidiwa zaidi akafia nyumbani, siku ya tarehe yake jina lake litaitwa mara tatu, kisha mbele yake itaandikwa kwamba hakuhudhuria. Mwisho wa mwaka tunakaa kikaoni kujadili kwa nini wagonjwa hawafuati miadi, na wapo miongoni mwao walioomba kuja mapema tukawakatalia. Nimelisema hili katika vikao vingi, na kila mara jibu limekuwa kwamba takwimu hazionyeshi tatizo. Zitalionyeshaje, wakati hakuna anayeziandika?

Nafasi chache zinazopatikana nazo hazimfikii mgonjwa zaidi. Humfikia mwenye ndugu ndani ya hospitali, au mwenye nguvu ya kupanda basi la alfajiri na kukaa kwenye benchi hadi daktari amwonee huruma. Aliyejaa maji mapafuni hawezi hata kupanda bodaboda.

Mgonjwa mmoja wa mfano

Mgonjwa huyu nimemtunga kutokana na wengi. Ni mama wa miaka 58, moyo wake umechoka kwa shinikizo la damu la miaka mingi. Kliniki ya mwisho alikuwa na kilo 63, akilalia mto mmoja, akitembea hadi sokoni bila kusimama. Amepewa tarehe 19 Agosti. Mwanzoni mwa Julai kijana wake anapiga simu.

"Shikamoo sista. Mama amezidiwa, tunaomba tarehe ya karibu."

"Marahaba. Wiki hii kumejaa, mwanangu."

Kwa kawaida yetu mazungumzo yanaishia hapo. Sasa tuyaendeleze kama muuguzi wa kliniki ndiye aliyeshika simu na faili liko mbele yake. Kwanza anaomba aongee na mama mwenyewe. Huo si uungwana tu, ni kipimo. Mama akimaliza sentensi ndefu bila kukatika pumzi, muuguzi ana dakika chache za kuuliza. Akisema maneno matatu na kuhema, maswali yameisha: aje sasa hivi.

Mama huyu anaongea vizuri. Muuguzi hamuulizi kama amezidiwa sana, kwa kuwa swali hilo kila mtu hulijibu ndiyo. Anamuuliza kazi aliyokuwa akiiweza mwezi uliopita na asiyoiweza leo. Mama anasema njia ya sokoni sasa anasimama mara mbili. Analalia mito mitatu, na usiku wa juzi alishtuka amebanwa pumzi akakaa dirishani hadi ikatulia. Ndala hazimwingii jioni. Zahanati ya kijiji imempima kilo 67. Mizani ya zahanati si ya kwetu, kwa hiyo tofauti ya kilo moja nisingeitegemea. Lakini kilo nne zikiongozana na miguu iliyovimba na mito mitatu, hayo ni maji. Wanaojipima nyumbani kwa mizani ileile kila asubuhi tunawaambia kwamba kuongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 kunatosha kutupigia simu.

Kisha linakuja swali linalosahauliwa, la dawa. Muuguzi hakubali jibu la "natumia." Anamwomba asome maboksi aliyonayo mkononi. Hapo inajulikana kwamba furosemidi ya miligramu 40 iliisha wiki mbili zilizopita, na mama akaona asubiri tarehe ya kliniki ili aandikiwe nyingine. Inajulikana pia kwamba goti lilimsumbua, akanunua diklofenaki duka la dawa na kuimeza asubuhi na jioni. Dawa za maumivu za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, huzuia figo kutoa chumvi na maji, na hupunguza nguvu ya dawa ya kukojoza. Mama ameondoa dawa ya kutoa maji na kuweka ya kuyazuia, na wala hakuna aliyemkataza.

Muuguzi anamweleza daktari wa kliniki. Uamuzi: diklofenaki ikome leo, ajaribu parasetamoli kwa goti, furosemidi ianze tena leo kwa dozi yake ya zamani, aipate kituo cha afya cha karibu kwa maelekezo ya daktari kupitia mganga wa pale, na aje kliniki ndani ya siku mbili apimwe presha, mapigo, oksijeni ya kidoleni, kreatinini na potasiamu. Vipimo hivyo viwili vya mwisho si vya kupuuzwa, kwa sababu diklofenaki inaweza kuwa imeumiza figo. Akizidiwa kabla ya hapo, aende dharura na maboksi yake yote ya dawa. Simu nzima haikuzidi muda ambao kijana angeutumia kubembeleza.

Kwa mgonjwa huyu siku mbili zilitosha. Wapo ambao hazitoshi. Anayekosa pumzi akiwa ametulia, aliyezimia, mwenye maumivu ya kifua, aliyebadilika rangi midomo, au anayekohoa povu lenye damu, haombi tarehe hata kama yeye anadhani anaiomba. Huyo ni wa dharura saa hiyohiyo. Nawaongeza wawili ambao hutuponyoka. Wa kwanza ni aliyekuwa mzima jana, leo moyo unamwenda mbio bila mpangilio na pumzi imekatika ghafla, hasa kama valvu yake ya mitrali ni nyembamba. Wa pili ni mjamzito mwenye ugonjwa wa valvu. Katika ujauzito damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, na valvu iliyobana haiwezi kuipitisha. Anapoambiwa kwamba kuhema ni kawaida ya mimba, tunamwacha kwenye hatari kubwa. Aonwe siku hiyohiyo.

Mapendekezo

La kwanza nimelisema na nitalirudia: ombi la kusogezewa tarehe lipokewe na muuguzi wa kliniki mwenye faili, siyo dirisha la tarehe. Karani aliyepigiwa asitoe jibu la ndiyo wala la hapana; achukue jina, namba ya faili na namba ya simu, ampelekee muuguzi, naye apige siku hiyohiyo. Mwenye dalili za hatari nilizozitaja tu ndiye karani amwelekeze dharura moja kwa moja, na orodha ya dalili hizo ibandikwe ukutani mbele yake.

La pili, liwepo daftari la maombi, hata la kurasa za mistari. Liandikwe aliyeomba, alichosema, alichojibiwa na nani, na siku aliyoonwa. Walionyimwa waandikwe kwa uangalifu kuliko waliokubaliwa. Asiyehudhuria siku ya tarehe yake atafutwe kwanza humo kabla hajaitwa mtoro.

La tatu, nafasi zibaki wazi kwa makusudi. Kliniki ya Jumanne ikiwa na nafasi 40, nne zisiandikwe mtu hadi saa sita mchana wa Jumatatu. Zisipotumika wapewe wagonjwa wa rufaa mpya. Najua wakuu wa idara wataniambia kwamba foleni ni ndefu, hatuwezi kuacha viti vitupu. Foleni hiyo tayari inavamiwa kila Jumanne na wanaokuja bila tarehe. Tofauti ni kwamba kwa sasa wanaingia kwa kujuana. Nne zikionekana chache au nyingi mno, daftari la pendekezo la pili litatuambia.

La nne, mgonjwa afundishwe kuomba. Siku anapopewa tarehe aambiwe kwamba akibadilika asisubiri, na apewe namba ya simu inayopokelewa. Anapopiga aseme ni mgonjwa wa kliniki gani, faili namba ngapi, alikuwa anaweza nini na sasa hawezi nini, tangu lini, uzito, dawa zilizoisha, na dawa alizonunua dukani.

La tano linatokana na mama wetu: dawa zisiishe kabla ya tarehe. Tukimwandikia mgonjwa dawa za mwezi mmoja na tarehe ya miezi mitatu bila kumweleza atazipata wapi katikati, ombi la kusogezewa tarehe tumeliandika sisi wenyewe kwenye cheti.

La sita, idara ya dharura ikimruhusu mgonjwa wa moyo, jina lake lifike kliniki asubuhi inayofuata na liingie kwenye daftari lilelile.

Kwa Jumamosi na Jumapili, napendekeza simu ya kliniki na daftari la maombi vibaki kwa muuguzi wa zamu wa wodi ya tiba, mwenye nakala ya maswali haya na namba ya daktari wa zamu, na Jumatatu asubuhi daftari lirudi kliniki kabla nafasi zile nne hazijagawiwa. Posho ya muda wa hewani ya simu hiyo haimo katika bajeti ya sasa. Nimemwomba Katibu wa Hospitali aiingize kwenye mapitio ya nusu mwaka.