Kampuni ya Tangu 1998, Tovuti ya Miezi Mitatu

Majuzi shemeji yangu alinijia na ankara kwenye simu. Toyota IST kutoka Yokohama, bei karibu nusu ya anayoijua, na pesa zitumwe kabla ya Ijumaa. Tovuti ya muuzaji ilipendeza, na juu kabisa iliandikwa kwamba wanauza magari tangu 1998.

Sikubishana naye. Nilifungua lookup.icann.org, ambako mtu yeyote huangalia bure usajili wa jina la tovuti. Nikaandika jina lile linaloishia na .com, nikashuka hadi kwenye neno Created, yaani siku lilipoandikishwa. Lilikuwa na miezi mitatu.

Shemeji akaruka: mbona na jina la mwenyewe limefichwa? Hilo nikamwambia aliache. Tangu 2018, sheria ya Ulaya ya faragha ilipoanza kutumika, majina mengi hufichwa, ya wema na ya wezi. Hata umri mdogo peke yake si kosa, maana kampuni kongwe huweza kuhamia jina jipya. Na jina kuukuu nalo hununuliwa kwa mwingine. Kilichonitia shaka ni miezi mitatu kukaa chini ya bango la 1998.

Tukageukia mawasiliano. Simu ilianza na 44, ambayo ni Uingereza. Japani ni 81. Tukamwomba muuzaji namba ya kampuni. Japani kila kampuni iliyosajiliwa ina namba ya tarakimu 13, na idara yao ya kodi imeziweka wazi kwenye houjin-bangou.nta.go.jp. Akaituma haraka, tena bila kinyongo. Tukaitafuta, tukaikuta! Kampuni ipo kweli, na jina linakaribiana mno na la kwenye ankara.

Shemeji alishaanza kutabasamu. Lakini namba hiyo iko wazi kwa dunia nzima, hata mimi naweza kukutumia. Swali ni kama anayekuandikia ndiye mwenye namba. Kampuni ile ilikuwa na tovuti yake inayoishia na .co.jp, na majina ya namna hiyo hupewa kampuni zilizosajiliwa Japani tu, moja kwa kila kampuni. Tukachukua barua pepe iliyoko huko, si ile ya kwenye ankara, tukawatumia ankara yenyewe tukiuliza: hii ni yenu?

Kesho yake wakajibu kwa mistari miwili. Si yao, na akaunti ile ya benki hawaijui. Ndipo tukaitazama vizuri: mwenye akaunti ni jina la mtu, wala si la kampuni.

Ijumaa ikapita. Jumamosi asubuhi muuzaji akaandika tena: amepunguza dola 200.