Kiatu cha unyayo bapa

Mchimbaji anayeshinda ndani ya mabuti ya mpira Geita, au mama anayeuza sokoni akiwa amesimama, akiwa na nyayo bapa huambiwa anunue soli ya ndani yenye kinundu ili unyayo uinuke. Ukweli ni kwamba akiitoa, unyayo hurudi ulivyokuwa. Kinundu hupunguza tu mzigo unaovuta kano ya upande wa ndani wa kifundo.

Simama kwa ncha za vidole. Tao la unyayo likijitokeza, na huna maumivu, usitumie pesa yako. Ukiwa na maumivu, tafuta hata kiatu cha mtumba ambacho ukuta wa kisigino haubonyei, na kinachokunjika penye vidole, si katikati. Lakini mguu mmoja ukianza kubapa ukubwani, tena kwa maumivu, nenda hospitali, maana huenda kano imechakaa.