Usiku wa Kwanza wa Kutega Inzi wa Mchanga

Ukitoka jijini Washington kwa gari kuelekea kaskazini-magharibi, majumba hupungua na mashamba ya wilaya ya Montgomery, jimbo la Maryland, huanza. Huko, katika banda la ng'ombe wa maziwa, mwanafunzi mmoja wa elimu ya wadudu, mzaliwa wa Baringo nchini Kenya, alitega mtego wake wa kwanza usiku mmoja wa Julai. Shajara yake ya usiku huo ina neno moja lililoandikwa kisha likafutwa.

Aliyekuwa akimtafuta ni inzi wa mchanga, mdudu mwenye urefu wa milimita 3 hivi. Watu wengi humwita usubi, lakini jina hilo hubeba wadudu kadhaa wadogo waumao, na si wote walio hatari kwa namna moja. Jike la inzi wa mchanga ndilo linyonyalo damu, na katika nchi nyingi ndilo lienezalo vimelea vya kala-azar. Huko Baringo mdudu huyu hujificha mchana ndani ya matundu ya vichuguu. Nchini India jamaa yake hupenda mabanda ya ng'ombe. Ng'ombe hawaenezi kala-azar, ila damu yao humlisha mdudu huyo, ambaye kisha humwuma binadamu.

Maryland pia ina inzi wa mchanga, wakiwamo wale waitwao Lutzomyia shannoni. Udadisi juu yao uliongezeka baada ya mwaka 1999, pale mbwa wa kuwindia mbweha katika jimbo la New York walipoonekana kuugua ugonjwa wa jamii ya kala-azar. Uchunguzi ulionyesha kwamba mbwa hao waliambukizana hasa kutoka kwa mama hadi watoto wake, wala haikuthibitika kwamba inzi ndio waliouleta.

Saa mbili usiku, jua likiwa linakaribia kuzama, mwanafunzi alitundika mtego wake kiasi cha nusu mita juu ya sakafu. Ni chombo chepesi: taa ndogo, feni ndogo ya kuvutia wadudu chini, betri ya volti 6 na kikombe cha wavu. Wavu wa kawaida wa mbu haufai hapa, kwa kuwa inzi wa mchanga hupenya matundu yake. Alitumia ulio laini zaidi. Kando ya mtego alifunga uzi mwembamba ili aone upepo unavyovuma. Uzi ulining'inia wima, naye akaondoka ameridhika.

Saa kumi na mbili asubuhi taa ilikuwa bado inawaka na kikombe kimejaa. Alikigandisha barafuni, kisha akamwaga wadudu juu ya sahani nyeupe na kuwapanga kwa kibano. Wengi walikuwa wale wadogo zaidi, wenye urefu wa milimita 1 au 2, ambao mabawa yao yana madoa na hulala bapa mgongoni. Wachache walikuwa na manyoya mengi kama nondo, mabawa mapana na mdomo mfupi usiouma. Hao huzaliana katika mifereji ya maji machafu, na ni binamu wa inzi wa mchanga. Hakukuwa na hata mmoja mwenye bawa jembamba lililochongoka, miguu mirefu na mdomo wa kunyonyea damu. Akaandika: "Hakuna."

Hapo ndipo alipoukumbuka uzi. Alirudi bandani akaukuta umelala kama mshale. Mkulima alimweleza kwamba ng'ombe walirudi kutoka kukamuliwa saa nne, naye akawasha mafeni makubwa ya kuwapoza. Inzi wa mchanga huruka kwa kurukaruka, na upepo kidogo tu humzuia. Wadudu waliojaza kikombe walikuwa wameingia wakati wa machweo, kabla ya mafeni kuwashwa. Kwa hiyo kikombe kilichojaa hakikuwa ushahidi kwamba mtego ulifanya kazi usiku kucha.

Alilifuta neno "hakuna" na kuandika: "Mtego haukupimwa baada ya saa nne." Tofauti ya maneno hayo si ndogo. La kwanza linadai kwamba mdudu hayupo bandani. La pili linakiri kwamba swali halijajibiwa. Nyumbani kwao Baringo, neno la kwanza likiandikwa kimakosa, nyumba yaweza kurukwa siku ya kunyunyiza dawa.

Mafeni hayawezi kuzimwa, maana ng'ombe huumia kwa joto. Kwa usiku wa pili alipanga mitego miwili: mmoja katika kibanda cha ndama kisicho na feni, wa pili ukingoni mwa msitu, karibu na mti wenye pango, mahali ambapo Lutzomyia shannoni hupenda kupumzika. Na kila baada ya saa mbili, ataamka kuutazama uzi.