Mkanda ao mnyororo: kujua gari la okazio litakula ngapi mbele ya kulipa

Mazungumzo kwa wanachama, Bunia

Wamoja kati yenu mumeniuliza juu ya kununua gari la okazio, wengine kwa kubeba mavuno, wengine kwa kufanya teksi hapa mjini. Munajua wenyewe namna pesa hiyo ilivyokusanywa, kidogo kidogo. Ikiisha yote kwa muuzaji, ya garaje itatoka wapi? Kwa hiyo leo sitasema juu ya rangi wala viti. Nitasema juu ya kitu kimoja chenye kujificha ndani ya motere, ambacho kinaweza kuongeza bei ya gari bila muuzaji kusema neno.

Katika motere, pistoni zinazungusha chuma kirefu kilicho chini. Juu kuna chuma kingine chenye kufungua na kufunga supape, ile milango midogo inayoingiza hewa na kutosha moshi. Vyuma hivi viwili lazima viende pamoja: cha chini kikizunguka mara mbili, cha juu kizunguke mara moja, bila kuruka hata jino moja. Chenye kuviunganisha ni moja kati ya vitu viwili. Kuna mkanda wa mpira wenye meno, ambao wafundi wetu wanaita kurwa ya distribisio. Ao kuna mnyororo wa chuma, yaani sheni.

Tuchukue Toyota Noah, maana munaijua wote. Noah ya zamani, ile ya 1996 mpaka 2001, ikiwa ya esanse inakuwa na motere ya 3S-FE. Hiyo ni ya mkanda. Noah iliyofuata, ya kuanzia 2001, ina motere ya 1AZ-FSE. Hiyo ni ya mnyororo. Jina la gari ni moja, na ukubwa wa motere ni ule ule, 1,998 cc. Lakini matengenezo yanayokungoja si yale yale.

Utajuaje? Tafuta kibao kidogo cha chuma, ambacho kwa Toyota nyingi kiko chini ya kapo ao pembeni ya mlango. Soma mstari wa ENGINE. Lakini motere nyingi zimekwisha kubadilishwa, kwa hiyo mwambie fundi aangalie motere yenyewe. Kwa kawaida mkanda unafunikwa na kifuniko cha plastiki, maana unakaa pakavu. Mnyororo unaoga ndani ya mafuta ya motere, kwa hiyo kifuniko chake ni cha chuma, kimegandishwa vizuri ili mafuta yasitoke.

Sasa tuanze na mkanda. Mkanda una mwisho wake unaojulikana. Kwa hizi Toyota za Japani, hesabu ya kawaida ni kilometa 100,000. Mpira unazeeka pia kwa miaka, kwa joto na kwa mafuta yanayoudondokea. Shida ni kwamba haupigi kelele mbele ya kukatika. Unaweza kuutazama ukaonekana muzuri, kesho yake ukakatika. Na kilometa za kwenye tabuloo, munajua wenyewe, zinaweza kurudishwa nyuma.

Kwa hiyo usiulize tu, "Mkanda ulibadilishwa?" Kila muuzaji atasema ndiyo. Omba alama. Magari yaliyotoka Japani mara nyingi yana karatasi ndogo iliyobandikwa karibu na motere ao kwenye mlango, yenye kilometa na tarehe. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu yao: ukiona 18, jumlisha na 1988, unapata 2006. Maneno yake ni ya Kijapani, na karatasi kama hiyo inaweza kuwa ya mafuta tu, basi tafuta mtu wa kukusomea. Kama hakuna alama ya kuaminika, hesabu kwamba mkanda umekwisha, na uitoshe bei yake kwa bei ya gari.

Kwa 3S-FE, ukibadilisha mkanda, badilisha pamoja na puli zake za kukaza na pompa ya maji. Pompa hiyo inazungushwa na mkanda huo huo. Ikikwama baadaye, itaharibu mkanda mupya, na kazi ya kufungua utailipa mara mbili.

Mkanda ukikatika inakuwaje? Hapa motere hazifanani. Kwa 3S-FE, pistoni hazifikii supape. Gari linazimika tu, unalivuta, unaweka mkanda mupya, linaendelea. Kweli, kuzimikiwa jioni kwenye barabara ya Komanda si hasara ya pesa peke yake. Lakini motere inapona. Kwa dizeli zenye mkanda, kama 3C-T ya Noah ya zamani ao 1HZ ya Land Cruiser, pistoni zinagonga supape, na hapo unafungua kichwa cha motere. Dizeli nyingi za Toyota zina taa ya T-BELT kwenye tabuloo kwa kukumbusha. Lakini taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa, basi taa iliyozimika si ushahidi.

Tuje kwa mnyororo. Watu wanasema, "Iko na sheni, hapana kubadilisha kitu." Ni kweli nusu. Mnyororo haukupewa kilometa za kubadilishwa, lakini maisha yake yanategemea mafuta. Kikazio chake kinasukumwa na nguvu ya mafuta hayo hayo. Mwenye gari akichelewa kumwaga mafuta, yanakuwa uchafu, viungo vya mnyororo vinalika, mnyororo unarefuka, na kikazio kinashindwa kuukaza.

Uzuri wake ni kwamba mnyororo unasema mbele. Fika kwa muuzaji asubuhi, na umwambie asiwashe gari mbele yako hujafika. Gusa motere: iwe baridi. Kiisha awashe. Ukisikia kwa mbele ya motere kelele kama misumari ndani ya kopo kwa sekunde chache, mwite fundi asikilize. Isiponyamaza, ni mbaya zaidi. Fungua pia kifuniko cha kumiminia mafuta. Ukiona uchafu mweusi mzito umeganda, hiyo ndiyo historia ya gari, hata kama muuzaji hasemi.

Tufanye hesabu ya mfano. Bei za kweli mutauliza kwa fundi wenu. Noah ya mkanda inauzwa dola 4,000, haina alama. Tuseme mkanda, puli, pompa na kazi ni 250. Bei yake ya kweli ni 4,250. Noah ya mnyororo inauzwa 4,500. Kama inanyamaza na mafuta yake ni safi, imezidi kwa 250, sawa na mkanda mmoja wa kesho. Hapo kuchukua ya mnyororo ni haki. Lakini kama inapiga kelele, na kazi ya mnyororo ni 600 sababu ya kufungua sehemu nyingi, bei yake ni 5,100. Ile "isiyobadilishwa kitu" imekuwa ya bei kali kwa 850.

Basi mbele ya kutoa pesa, andikeni kwenye karatasi mistari mitatu: jina la motere, alama ya mkanda ao sauti ya asubuhi, na bei ya fundi. Mujumlishe hiyo ya tatu na bei ya muuzaji. Kiisha ndipo muanze kuzungumza bei.