Lori likiuzwa Tunduma, Mamlaka ya Mapato nayo ina fungu lake

Msikilizaji, ukisimama barabara kuu ya Tunduma asubuhi utaona malori yamejipanga kuelekea Nakonde, na mengine yakirudi na shaba ya Zambia na Kongo kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Baadhi ya malori hayo yalinunuliwa kwa ajili ya mkataba mmoja tu, na mkataba ukiisha, mwenye mali huangalia lori lake na kuuliza: hili sasa nitaliuza shilingi ngapi? Dalali hatakosa jibu. Lakini jibu la dalali ni bei, na bei siyo pesa utakayobaki nayo mfukoni. Leo tuizungumzie tofauti hiyo.

Tuchukulie kampuni ndogo ya hapa Songwe. Mfano huu nimeutunga mwenyewe ili hesabu zifuatike kirahisi. Januari 2021 kampuni ilinunua kichwa na tela lake kwa shilingi milioni 128. Mkataba wa kubeba mizigo umeisha, na Februari 2025 anajitokeza mnunuzi mwenye milioni 70 taslimu.

Mhasibu wa kampuni ana daftari lake. Alikadiria kwamba lori litatumika miaka 5 na kwamba likifika mwisho litauzika kwa milioni 28. Kwa hiyo kila mwaka aliondoa milioni 20 za uchakavu, na baada ya miaka 4 daftari linasema lori lina thamani ya milioni 48. Mkurugenzi anatoa 48 kwenye 70, anapata faida ya milioni 22, anachukua asilimia 30 ambayo ndiyo kodi ya mapato ya kampuni, na kusema atalipa milioni 6 na laki 6.

Hesabu hiyo si sahihi, ingawa mhasibu hakukosea. Daftari lake ni la wenye hisa na la benki. Kwa kodi kuna daftari la pili, na kanuni zake zimo katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Huko hakuna anayekuuliza lori lako litadumu miaka mingapi. Sheria imeyapanga mapema mali za biashara katika madaraja, na lori zito pamoja na tela lake vimo katika daraja la pili, ambalo uchakavu wake ni asilimia 25 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Gari la mizigo lenye uwezo wa chini ya tani 7 limo katika daraja la kwanza, na hilo hukatwa asilimia 37 na nusu. Kwa hiyo kaka mwenye Kanta na semi asidhani vyote vinahesabiwa pamoja.

Basi lori letu la milioni 128 linashuka hivi: mwisho wa 2021 limebaki 96, mwaka uliofuata 72, kisha 54, na mwisho wa 2024 ni milioni 40 na nusu. Hiyo ndiyo thamani inayotambulika kwenye kodi. Lori likiuzwa 70, faida ni milioni 29 na nusu, na asilimia 30 yake ni milioni 8 na laki 8 na nusu. Mkurugenzi amekosea kwa zaidi ya milioni 2. Kinachobaki mkononi ni milioni 61 na laki moja na nusu, na ndiyo tarakimu aliyopaswa kuiweka kwenye makadirio ya mradi kabla hata ya kununua lori.

Ukitazama vizuri, hakuna dhuluma hapo. Kwa miaka 4 kampuni ilipunguza mapato yake kwa kudai kwamba lori limechakaa kwa milioni 87 na nusu. Soko limekuja kuonyesha kwamba lilichakaa kwa milioni 58 tu. Kinachotozwa sasa ni ule uchakavu uliodaiwa bila kutokea.

Sasa tufike mahali ambapo hata wenye uzoefu huteleza. Hesabu niliyoitoa inafaa pale lori hilo likiwa ndilo pekee katika daraja lake. Kwetu sheria haifuatilii lori moja moja, bali huyaweka yote ya daraja moja katika fungu moja. Ukiuza moja, pesa ya mauzo hupunguzwa kwenye thamani ya fungu, na uchakavu wa mwaka huo hukokotolewa kwa kilichobaki.

Tuseme kampuni hiyo ina malori 3 ya aina hiyo, yaliyonunuliwa pamoja. Fungu lina milioni 121 na nusu. Ikiuza moja kwa 70, fungu linabaki na 51 na nusu. Mwaka huo hakuna kodi ya faida ya mauzo. Lakini asilimia 25 sasa inakatwa kwenye fungu dogo zaidi, na kwa hiyo mapato yanayotozwa kodi yanaongezeka. Ukilinganisha na kuuza kwa thamani ya daftari la kodi, kampuni italipa kodi ya ziada ya milioni 2 na laki 2 hivi mwaka wa kwanza, milioni moja na laki 6 na ushee mwaka wa pili, na kuendelea kupungua. Ukiyajumlisha yote hadi mwisho yanakaribia milioni 8 na laki 8 na nusu ile ile. Kodi haikufutwa, imesogezwa mbele, na kwa mwenye mkopo wa benki kuilipa polepole ni nafuu kubwa. Ila kama bei ya mauzo itazidi fungu zima, kile kilichozidi kinaingia kwenye mapato ya mwaka huo huo.

Na hasara je? Tuseme lori letu la pekee lilipinduka mara moja mteremkoni, likapigwa rangi, na linauzwa milioni 30. Hapo fungu linavunjwa, na pungufu ya milioni 10 na nusu inaruhusiwa kupunguza mapato. Thamani yake kwako ni asilimia 30 ya hiyo, yaani milioni 3 na laki moja na nusu. Lakini nafuu hiyo inahitaji faida ya kuipunguza. Kama lile lilikuwa lori la mwisho na kampuni haina shughuli nyingine, haitapata chochote. Ndiyo maana naona ni uzembe mtu kuandika nafuu hiyo kwenye makadirio bila kujiuliza kama kampuni itakuwa na kazi mwaka huo.

Kuna la VAT pia. Kama umesajiliwa na mkisema milioni 70 bila kutaja kodi, hiyo 70 inahesabiwa kuwa na asilimia 18 ndani yake, na karibu milioni 10 na laki 7 si zako. Ulizeni mapema, kabla ya kupeana mikono.

Mwishowe, wapo wanaoshauriana kuandika milioni 20 kwenye mkataba na nyingine kupeana mkono kwa mkono. Licha ya kuwa ni kosa la jinai, ni mnunuzi anayepaswa kukataa kwanza. Akiwa na kampuni, uchakavu wake utaanzia kwenye hiyo milioni 20 iliyoandikwa. Na siku atakapoliuza lori hilo kwa bei halali, faida itakayotozwa ni ile ya kwake pamoja na ile aliyomfichia muuzaji.